Meneja Amjibu Mgeni: Barua Moja Iliyoandikwa Mara Mbili

Hoteli ndogo za mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani na Makunduchi, hupata lalamiko ambalo hoteli za Kendwa hazilisikii sana: mgeni amekuja kuogelea, bahari haipo. Asubuhi anafungua mlango wa chumba na kukuta mchanga, majani ya bahari, vigingi vya wakulima wa mwani na, mbali kabisa karibu na mwamba, mstari mweupe wa mawimbi. Upande huo wa kisiwa ufuo ni tambarare, hivyo maji yakipwa huweza kurudi nyuma zaidi ya kilomita moja. Wenyeji wanalijua hilo tangu utotoni. Aliyelipia chumba baada ya kuona picha ya maji ya buluu yanayogusa ngazi za baraza halijui, na akirudi kwao huandika.

Nataka tuitazame barua moja ya namna hiyo pamoja na jibu lake. Hoteli na mgeni nimewatunga ili nisimwanike mtu, ila malalamiko yenyewe ni yale yale ambayo meneja yeyote wa pwani ile ameshayasoma. Mgeni ni mama aliyetoka Dar es Salaam na mume na watoto wawili kwa sikukuu ya Pasaka. Siku 2 baada ya kurudi aliandika hivi, mahali ambapo kila anayetafuta hoteli hiyo atasoma:

"Msije hapa. Picha zao ni uongo mtupu. Tumesafiri na watoto kuja kuogelea tukakuta tope na mawe, bahari iko kule upeo wa macho. Umeme ulikatika usiku mbili mfululizo, kiyoyozi kimezima, watoto hawakulala. Hoteli haina hata jenereta. Nilipomuuliza dada wa mapokezi akanijibu 'haya ni mambo ya kawaida huku', akaendelea na simu yake. Siku ya kuondoka wametubandikia chakula cha mchana ambacho hatukula, shilingi 90,000. Wezi! Nyota moja kwa sababu sifuri haipo."

Meneja aliisoma usiku. Jengo lile alilisimamia tangu msingi, watumishi wake wengi ni watoto wa kijijini hapo, na sasa ameitwa mwizi mbele ya watu. Akaketi akaandika hapo hapo:

"Mpendwa mgeni, tumesikitishwa sana na maoni yako ambayo hayana ukweli wowote. Tumehudumia wageni wa mataifa mbalimbali kwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kulalamika hivi. Kuhusu bahari, hata mtoto wa shule anajua kuwa bahari hupwa na kujaa, ungeuliza kabla ya kuja. Kuhusu umeme, hilo ni suala la Shirika la Umeme na halituhusu, na si kweli kwamba hatuna jenereta, tunayo. Mhudumu wetu ana nidhamu ya hali ya juu. Wewe ndiye uliyemfokea mbele ya wageni wengine usiku wa Jumamosi. Bili uliitia saini mwenyewe. Pia ikumbukwe kwamba mume wako alitupigia simu kuomba punguzo nasi tukampa. Kama ulikuwa na tatizo ungelisema ukiwa hapa badala ya kutuchafulia jina. Hata hivyo tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza na tunakukaribisha tena."

Karibu kila sentensi ya jibu hili ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni gumu kulifuta. Jenereta ipo. Saini ipo kwenye bili. Mgeni alifoka kweli. Lakini mtu wa tatu, aliye Morogoro au Mombasa akichagua pa kupeleka familia yake Desemba, hakuona ugomvi ule na hana haja ya kujua nani alishinda. Anachotafuta ni kimoja: nikipatwa na shida katika hoteli hii, nitatendewaje? Jibu la meneja limemwambia. Atalaumiwa kwa kutojua habari za bahari, atakumbushwa saini yake, na mazungumzo ya mume wake kuhusu punguzo yatatangazwa hadharani.

Hilo la punguzo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika barua ile, ingawa wengi hulipita bila kuliona. Mama yule hakulitaja. Meneja amelichomoa kwenye mambo ya siri ya mteja wake ili kumuaibisha, na anayesoma huanza kujiuliza hoteli hiyo inaweka nini kingine kumbukumbuni na itakitoa lini. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake 2022, lakini hata zisingekuwepo, desturi ya nyumba ya wageni ingetosha. Namba ya chumba, aliyelala na nani, alikunywa nini, alilipaje: hayo hayatoki nje. Kanuni rahisi ya kufuata ni kwamba jibu lisitaje kuhusu mgeni jambo lolote ambalo yeye mwenyewe hakulitaja.

Kisha lipo suala la radhi. "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza" ni maneno tunayoyasikia kwenye vipaza sauti vya bandarini na kuyasoma kwenye matangazo ya kukatika kwa maji. Yanaomba radhi bila kusema kwa kosa gani. Hapa yamekuja baada ya sentensi nyingi za kukana kila kitu, kwa hiyo msomaji anayaona kama muhuri uliogongwa kwa mazoea. Mgeni aliyetozwa 90,000 zisizo zake anataka kusikia 90,000 zikitajwa.

Meneja wetu hakulipeleka jibu lile usiku huo. Aliliacha, na asubuhi akafanya kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo nusu ya kuandika: alikwenda kutafuta kilichotokea. Hoteli yoyote inayoendeshwa kwa utaratibu ina vitabu vya kutosha kwa hilo. Kuna daftari la zamu, ambamo anayetoka humwandikia anayeingia yaliyopita. Kuna karatasi ya jenereta, ambayo mlinzi au fundi huandika saa ya kuwasha, saa ya kuzima na kiasi cha dizeli. Kuna vikaratasi vya oda za mkahawa, kimoja kwa kila meza, vinavyobandikwa nyuma ya nakala ya bili. Na kuna watu wenyewe, ambao huulizwa mmoja mmoja, kwa upole, kwa sababu mtumishi anayehisi kwamba anatafutwa wa kufukuzwa atasema lile analodhani bosi anataka kusikia.

Alianza na bili. Kikaratasi cha chakula cha mchana cha Jumamosi kilikuwepo: pweza wa nazi sahani 2, wali, juisi. Namba ya chumba iliandikwa haraka kwa kalamu, na ilikuwa 9 iliyosomwa kuwa 6. Familia ya mama yule ililala namba 6. Saa ile ya mchana walikuwa mjini, na dereva aliyewapeleka Forodhani analikumbuka hilo. Saini ya mgeni ilikuwa ya kweli, lakini aliitia saa 1 asubuhi gari likiwa limeshapakiwa, akiwahi boti ya Dar. Kwa hiyo fedha zile zilichukuliwa isivyo haki. Neno "wezi" halikuwa sahihi, kwa kuwa hakuna aliyekusudia kumwibia, ila kwa aliyeko Dar na risiti mkononi tofauti hiyo haionekani.

Umeme nao ulikuwa na hadithi yake. Karatasi ya jenereta ilionyesha kwamba Ijumaa uliondoka saa 3:40 usiku ukarudi saa 8:10, na Jumamosi ukaondoka tena saa 5 kasoro hadi karibu alfajiri. Jenereta iliwaka mara zote mbili, ndani ya dakika chache. Sasa, kiyoyozi kimoja cha chumba cha kawaida hula karibu kilowati moja kikiwa kinafanya kazi, na kinapoanza hudai zaidi ya hapo. Hoteli ya vyumba 12 ikiviwasha vyote inahitaji jenereta kubwa na dizeli ya kuilisha, na hoteli nyingi ndogo huchagua kuendesha taa, feni, majokofu na pampu ya maji peke yake. Ni uamuzi wa kueleweka. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyemweleza mgeni. Mama alilala akiona kiyoyozi kimezima na taa ya nje inawaka, akahitimisha kwamba taa ile ni ya betri na jenereta haipo. Ukimjibu "si kweli, tunayo", unabishana na hitimisho na kuacha kilicholizaa.

Dada wa mapokezi alikiri maneno yake. Alisema "ni mambo ya kawaida" akitaka kumtuliza mgeni, kama ambavyo angemtuliza jirani. Simu aliyokuwa nayo ilikuwa ya fundi wa jenereta. Hapa meneja aliona uchungu, nami namwelewa, kwa sababu binti alikuwa anafanya kazi ya mgeni yule yule anayemlaumu. Lakini habari ya fundi haikuingia kwenye jibu. Ukiiandika hadharani, mgeni anakuwa amemsingizia mtu, na atarudi kubisha. Jibu linaweza kusema jambo lililo kweli kwa pande zote mbili, kwamba alistahili kuelezwa vizuri zaidi, bila kumtaja mhudumu kwa jina wala kwa cheo, bila kumtetea na bila kumtoa kafara. Ya fundi yalisemwa ofisini, uso kwa uso: najua ulikuwa unampigia nani, na kuanzia leo maneno ya kumwambia mgeni umeme ukiondoka ni haya. Mtumishi anayesoma jibu la meneja mtandaoni na kujikuta amelaumiwa mbele ya dunia hatakuwa na moyo wa kumhudumia mgeni anayefuata.

Ikabaki bahari, ambayo inaonekana ndogo kwa meneja na kubwa kwa mgeni. Ni vyema kuieleza hapa kwa urefu, kwani mkato mzuri hutoka kwa anayelijua jambo lote. Maji hupwa mara 2 na kujaa mara 2 kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Zanzibar tofauti ya kimo kati ya kujaa na kupwa hufikia takribani mita 4. Katikati, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, nayo hayaendi mbali. Jambo ambalo wageni wengi hawalitambui ni kwamba siku za bamvua Unguja, kupwa kwa mchana huangukia kati ya saa 4 asubuhi na adhuhuri, yaani wakati ule ule ambao watoto wamemaliza chai na wameshavaa nguo za kuogelea. Maji kamili hurudi alasiri, saa 10 na kuendelea.

Na Pasaka yenyewe hupangwa kwa mwezi. Huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa majira hayo, hivyo sikukuu haiachani na mwezi mpevu kwa zaidi ya wiki. Mwaka 2023, kwa mfano, mwezi ulikuwa mpevu tarehe 6 Aprili na Pasaka ikawa tarehe 9. Familia iliyofika Ijumaa Kuu ya mwaka kama huo imefika katikati ya bamvua. Meneja wa Jambiani anaweza kulijua hilo miezi mingi kabla, kwa kutazama kalenda tu. Kumwambia mama wa Dar kwamba "hata mtoto wa shule anajua" ni kumdai elimu ambayo hoteli ilikuwa nayo mkononi na haikuitoa.

Lipo pia lile la picha. Hazikuwa za uongo: zilipigwa maji yakiwa yamejaa, kwenye ufuo huo huo. Lakini zote 18 zilipigwa maji yakiwa yamejaa.

Baada ya kuyajua haya, meneja alikuwa na mambo matatu ya kutenda kabla ya kugusa kalamu. Alirudisha shilingi 90,000 kwa namba ya simu iliyolipia chumba. Aliagiza bili isomwe kwa mgeni mstari kwa mstari usiku wa kuamkia kuondoka, wakati bado hana haraka ya boti. Alimtuma kijana apige picha ya ufuo saa 5 asubuhi maji yakiwa yamekupwa, wanawake wakiwa kwenye mwani wao, akaiweka kati ya picha nyingine na saa za maji chini yake. Utaratibu wa hatua hizi una sababu. Jibu linaloahidi "tutaboresha huduma zetu" halina uzito, kwa maana msomaji amekwisha kuliona kwingine mara nyingi. Linalosema "tumefanya" linapimika, na mgeni wa wiki ijayo atalipima. Kwa sababu hiyo hiyo lisitaje jambo ambalo halijafanyika, kwani mgeni akifika na kukuta picha haipo, malalamiko yatakuwa mawili.

Hapo akaandika tena. Hili ndilo lililokwenda:

"Ndugu mgeni wetu, asante kwa kutuandikia. Chakula cha mchana cha shilingi 90,000 hakikuwa chenu. Tuliingiza oda ya chumba kingine kwenye bili yenu. Tunaomba radhi. Fedha tumezirudisha leo, na sasa kila mgeni anasomewa bili yake usiku kabla ya kuondoka. Umeme ulikatika Ijumaa na Jumamosi. Jenereta yetu huendesha taa, feni na pampu ya maji, haiendeshi viyoyozi. Mlistahili kuelezwa hivyo mlipofika, na mlipouliza mlistahili jibu bora zaidi. Poleni sana kwa watoto kukosa usingizi. Bahari ya upande wetu hupwa mbali, hasa karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Saa za maji sasa tunamtumia kila mgeni kabla hajasafiri, na picha ya maji yaliyokupwa tumeiweka pamoja na zile nyingine. Meneja."

Ni fupi kuliko la kwanza, na limebeba zaidi. Linaanza na fedha, ingawa mama alianza na bahari. Meneja amechagua kulitanguliza kosa lisilo na utetezi, kwa sababu aliyekiri la kwanza kwa jina na kiasi chake huaminiwa anapoeleza la pili. Kama angeanza na mafundisho ya bamvua, kukiri kwake kungefika kumechelewa na msomaji ameshanuna.

Angalia pia namna makosa yalivyogawanywa. Kwa bili meneja anaomba radhi. Kwa kukatika kwa umeme haombi radhi, maana hakuukata yeye, ila anakiri kwamba hakutoa taarifa, na kwa watoto waliokosa usingizi anatoa pole. Kwa bahari haombi lolote, anaieleza tu na kusema amefanya nini ili mwingine asishtukizwe. Meneja wengi waoga huomba radhi kwa kila kitu, hata kwa mwezi, na kwa kufanya hivyo humfanya msomaji aamini kwamba kila kitu kilikuwa kosa lao. Wakali nao hawaombi kwa lolote. Jibu la haki hutenganisha.

Uongo mmoja wa mgeni, kwamba hoteli haina jenereta, umesahihishwa bila neno "si kweli" kuandikwa. Sentensi inasema tu jenereta inaendesha nini na haiendeshi nini. Anayesoma anapata ukweli, na mama hakuvuliwa nguo. Neno "wezi" halikujibiwa kabisa. Kurudishwa kwa fedha kumelijibu, na kulirudia neno lile ndani ya jibu la hoteli kungelifanya lisomwe mara mbili. Vivyo hivyo "picha za uongo": hakuna utetezi wa picha, kuna picha mpya.

Vilivyoachwa ni vingi: miaka ya hoteli, sifa za wageni wengine, kufoka kwa Jumamosi, saini, punguzo la mume, na ile karibu tena ya mwishoni. Ya mwisho huwashangaza baadhi ya watu, kwa kuwa ukarimu wa kwetu hauachi mtu aondoke bila kukaribishwa. Lakini mama ameandika "msije hapa", majeraha bado mabichi. Kumwambia akaribie tena kwa sentensi iliyozoeleka ni kutomsikia. Kama meneja anataka arudi, ana namba yake ya simu. Ampigie, amsalimie, asikilize, kisha akaribishe kwa sauti yake mwenyewe. Nafuu nyingine yoyote, kama usiku wa bure, nayo itolewe huko faraghani. Ikitangazwa hadharani, wapo watakaojifunza kwamba nyota moja hulipwa.

Je, jibu moja linabadilisha chochote? Watafiti wawili, Davide Proserpio na Georgios Zervas, walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa hoteli za jimbo la Texas, wakilinganisha maoni ya hoteli zile zile kwenye Tripadvisor, ambako mameneja hujibu sana, na Expedia, ambako wakati huo walikuwa hawajibu. Hoteli zilipoanza kujibu, maoni yaliongezeka kwa asilimia 12 na wastani wa nyota ukapanda kwa 0.12. Ongezeko hilo ni dogo. La kupendeza zaidi ni kile walichokikuta kwenye maoni mabaya: yalipungua, lakini yaliyobaki yakawa marefu zaidi. Maelezo yao ni kwamba mtu akijua meneja atasoma na kujibu, haandiki matusi ya mstari mmoja. Ama ananyamaza, ama anaandika kwa kirefu lile lenye ushahidi. Kwa hiyo meneja anayejibu vizuri asitarajie malalamiko yaishe. Atapata yaliyo bora, ambayo anaweza kuyafanyia kazi.

Njia ya kinyume nayo ina mfano wake. Mwaka 2020 hoteli ya Sea View katika kisiwa cha Koh Chang, Thailand, ilimshitaki mgeni aliyeandika maoni makali baada ya kubishania ada ya kunywa chupa ya jini aliyokuja nayo. Mgeni alikamatwa na kulala rumande siku 2. Habari ikaenea duniani, na ingawa pande mbili zilipatana baadaye na mgeni akaomba radhi, Tripadvisor iliweka onyo kwenye ukurasa wa hoteli kuwaarifu wasafiri kwamba imewahi kutumia sheria dhidi ya mtu aliyetoa maoni. Ugomvi wa chupa moja ukajulikana na watu ambao wasingewahi kulisikia jina la kisiwa hicho.

Yapo malalamiko ambayo mtindo huu hauyafai. Mgeni akiandika kwamba ameibiwa na mtumishi, ameshikwa mwili bila ridhaa au mtoto ameugua kwa chakula, meneja asieleze wala asichambue mbele ya watu. Mistari 2 inatosha: tumesoma, tumekupigia, jambo tumelifikisha polisi au kwa afisa wa afya. Na hilo liwe limefanyika kweli. Kukiwa na dalili kwamba aliyeandika hakuwahi kulala hapo, kwa mfano anataja bwawa la kuogelea wakati hoteli haina bwawa, kwanza mtandao husika uarifiwe kwa njia yake. Jibu la hadharani liseme tu kwamba kumbukumbu za hoteli hazionyeshi safari hiyo na kuomba tarehe. Kumwita mtu mwongo kuna hatari, kwani mara nyingine inabainika kuwa chumba kiliandikishwa kwa jina la shemeji.

Kuhusu muda, siku 1 hadi 3 zinatosha. Jibu la dakika 10 huwa la hasira, la mwezi mzima humkuta msomaji ameshachagua hoteli nyingine. Kabla halijatumwa, lisomwe kwa sauti na mtu ambaye hakutukanwa. Mhasibu au mpishi mkuu atafaa, kwa kuwa ataisikia sentensi yenye sumu ambayo mwandishi haisikii tena. Tripadvisor humpa meneja jibu moja tu kwa kila maoni, hakuna nafasi ya kurudi na kubishana, na nadhani hilo limewaokoa wengi. Kwingineko, kama Google, jibu linaweza kuhaririwa baadaye, ila mgeni huarifiwa mara tu linapotoka, na atakuwa amelisoma lile la kwanza.

Meneja wetu hakumwomba mama afute maoni yake. Mitandao hii inakataza kumpa mgeni kitu ili abadilishe alichoandika, na fedha zilizorudishwa zilikuwa zake tangu mwanzo, hivyo hazikupaswa kuja na masharti. Maoni yatabaki pale na nyota yake moja, na jibu chini yake. Kijana wa mkahawa ameambiwa aandike namba ya chumba kwa tarakimu na kwa maneno, sita au tisa, kwenye kila kikaratasi cha oda.